Saa zenye am na pm zimegoma kujumlishwa: tatizo liko wapi na unalitoaje

Tuchukue shiti ya mahudhurio ya walinzi, maana hapo ndo ugonjwa huu unaonekana wote kwa pamoja. Kila mlinzi anatuma meseji ya saa aliyoingia na saa aliyotoka, mtu wa ofisini anakopi anapesti kwenye Excel, mwisho wa mwezi unataka jumla ya masaa ili watu walipwe. Mistari yetu minne iko hivi:

```
6:05pm      6:10 am
7.45 pm     5:30 a.m.
12:15 am    8 AM
12:00 pm    12:00 am
```

Binadamu akisoma hapo anaelewa kila kitu. Excel haielewi, kwa sababu yenyewe saa sio maandishi, saa ni namba, yaani kipande cha siku. Siku nzima ni 1, saa sita mchana ni 0.5, saa kumi na mbili asubuhi ni 0.25, saa kumi na mbili jioni ni 0.75. Kazi yote ya kubadilisha hizo am na pm ni kutoka kwenye herufi kwenda kwenye hiyo namba, ukishalishika hilo mengine yote utayafuata bila shida.

Dalili: SUM inaleta 0, au jumla inatoka ndogo kuliko inavyotakiwa

Hapa seli zako, zote au baadhi, ni maandishi. SUM ikikuta maandishi kwenye kolamu inayaruka kimya kimya, haikupi era yoyote, ndo maana hii dalili ni mbaya kuliko zingine, mtu anaweza kulipwa pungufu na hakuna aliyeona kitu. Usidanganyike na kwamba kutoa kumekubali. Ukiandika `=C2-B2` na seli zote mbili zina maandishi yaliyokaa vizuri kama `6:10 AM`, Excel inayageuza yenyewe pale pale na kukupa jibu, ila ukienda kufanya SUM ya kolamu yenyewe inarudi 0. Kwahiyo fomula moja kufanya kazi sio ushahidi kwamba saa zako ni saa za kweli.

Namna ya kujua ni rahisi. Bonyeza seli halafu angalia ule mstari wa fomula juu. Kama ni saa ya kweli utaona `6:05:00 PM` na sekunde zake, hata kama kwenye seli sekunde hazionekani. Kama ni maandishi utaona kile kile kilichoandikwa, `6:05pm` hivyo hivyo. Kwa kolamu ndefu weka hii pembeni uishushe hadi chini:

```
=ISNUMBER(B2)
```

TRUE ni saa, FALSE ni maandishi. Na mara nyingi utakuta zimechanganyika, kwa sababu mtu akiandika `12:15 am` kwa mkono na nafasi katikati Excel inaigeuza papo hapo, akiandika `6:05pm` bila nafasi inaiacha kama maandishi. Kubadilisha fomati ya seli kwenda Time hakusaidii chochote hapa, fomati inabadilisha jinsi namba inavyoonekana na hapo hakuna namba bado.

Dalili: TIMEVALUE inaleta #VALUE!

TIMEVALUE ndo fomula ya kazi hii, unaipa maandishi inakupa kipande cha siku. Tatizo ni kwamba kwenye Excel inachagua sana. Inataka nafasi moja ya kawaida kabla ya AM au PM, inataka nukta mbili kati ya saa na dakika, na haitaki vidoti kwenye herufi. Kwahiyo `6:05pm` inakataliwa kwa kukosa nafasi, `7.45 pm` kwa kuwa na kidoti badala ya nukta mbili, `5:30 a.m.` kwa vidoti vya mwisho. Google Sheets ni mpole zaidi, `6:05pm` anaikubali, ndo maana unaweza kukuta faili lilikuwa linafanya kazi vizuri huko, ukalishusha kwenye kompyuta likajaa #VALUE!.

Halafu kuna ile inayowatesa watu wengi, seli inaonekana iko sawa kabisa, `6:10 am`, nafasi ipo, nukta mbili zipo, na bado inakataa. Hapo ile nafasi sio nafasi ya kawaida. Kuna nafasi isiyokatika, namba yake 160, ambayo inakuja sana ukikopi kutoka kwenye kurasa za mtandao, na kuna nyingine nyembamba, namba yake 8239, ambayo mifumo na programu mpya nyingi zinaiweka zenyewe kabla ya AM na PM. Kwa macho hauzioni tofauti, na TRIM haiziondoi, TRIM inajua nafasi ya kawaida tu ambayo ni namba 32. Kuigundua, uliza herufi ya tano ya hiyo seli ni namba ngapi:

```
=UNICODE(MID(B2,5,1))
```

Nimesema ya tano kwa sababu kwenye `6:10 am` nafasi ndo iko ya tano, kama saa ina tarakimu mbili kama `12:15 am` basi weka 6. Ikirudi 32 nafasi haina kosa, tafuta kwingine. Ikirudi 160 au 8239 umemkamata mwizi.

Sasa dawa. Watu wengi wanajaribu kurekebisha kila kosa kivyake, SUBSTITUTE ya vidoti, SUBSTITUTE ya nafasi, nyingine ya herufi ndogo, mpaka fomula inakuwa ndefu na bado kuna mtu ataandika kitu kipya kesho. Mi naona njia bora ni kuacha kabisa kuyarekebisha yale maandishi, badala yake unavua vitu viwili tu unavyovihitaji, namba zilizo mbele na kama kuna A au P nyuma, halafu unaijenga saa upya wewe mwenyewe katika umbo ambalo TIMEVALUE inalipenda.

Panga shiti hivi: A jina, B saa ya kuingia kama ilivyokuja, kisha C, D na E za kazi, halafu F saa ya kutoka, na G, H, I za kazi tena. Ukipanga hivyo zile fomula tatu za C mpaka E unazikopi kwenda G mpaka I na zenyewe zitajielekeza kwa F bila kuguswa.

Kwenye C2 unatoa nafasi zote za aina zote na kufanya herufi ziwe kubwa. UPPER ni lazima, SUBSTITUTE na FIND zinatofautisha herufi kubwa na ndogo:

```
=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(B2)," ",""),UNICHAR(160),""),UNICHAR(8239),"")
```

Kwenye D2 unachukua kilichopo kabla ya A au P, na kama kuna kidoti unakigeuza nukta mbili:

```
=SUBSTITUTE(LEFT(C2,IFERROR(FIND("A",C2),FIND("P",C2))-1),".",":")
```

Na E2 ndo saa yenyewe:

```
=IF(ISNUMBER(B2),MOD(B2,1),TIMEVALUE(D2&IF(ISNUMBER(FIND(":",D2)),"",":00")&IF(ISNUMBER(FIND("A",C2))," AM"," PM")))
```

Pitia na mstari wa pili wetu uone inavyotembea. `5:30 a.m.` kwenye kolamu ya kusafisha inakuwa `5:30A.M.`, kwenye inayofuata inabaki `5:30` kwa sababu tumekata kila kitu kuanzia A, vidoti vyote vimekwenda na maji, halafu inajengwa `5:30 AM` na TIMEVALUE inapokea. `8 AM` haina dakika kwahiyo inaongezewa `:00`. Ile sehemu ya mwanzo yenye ISNUMBER ni ya zile seli ambazo Excel ilishazigeuza zenyewe, tunazichukua zilivyo, na MOD inaondoa tarehe kama ilikuwa imejificha humo. Kwa seli hizo C na D zitaonyesha vitu vya ajabu au #VALUE!, usihangaike, angalia E tu.

Kuna #VALUE! moja ambayo naomba uiache ilie. Mtu akiandika `7:30` kama maandishi bila am wala pm, hii fomula itakataa, na ni vizuri ikatae, kwa sababu hakuna fomula duniani inayojua kama alikuja asubuhi au jioni, hapo unampigia simu. Usiizibe na IFERROR ya kuweka 0, sifuri kwenye saa ina maana, ni saa sita usiku kamili. Na angalia sana `7.5 pm`, itasomwa kama saba na dakika tano, aliyeandika anaweza kuwa alimaanisha saba na dakika hamsini au hata saba na nusu.

Kama kompyuta yako imewekwa lugha ambayo fomula zinatenganishwa kwa nukta mkato, badilisha mikato iwe `;` kwenye fomula zote hizi. Na kama fomula inaonekana kama ilivyoandikwa badala ya jibu, seli ina fomati ya Text, ibadilishe iwe General halafu ingia kwenye seli upige Enter tena.

Dalili: jibu ni 0.753472222

Hapa hakuna ugonjwa, umefanikiwa. Hiyo ni saa 12 na dakika 5 jioni kama Excel inavyoijua. Chagua kolamu, Ctrl+1, Custom, andika `h:mm AM/PM` au `hh:mm`, imeisha.

Dalili: saa sita na dakika zake zinatoka kinyume, usiku unakuwa mchana

Hii inawapata walioamua kuandika fomula yao ya kujumlisha 12 kila wanapoona PM. Inafanya kazi kwa saa kumi na moja zote isipokuwa 12 yenyewe. `12:15 am` ni dakika kumi na tano baada ya usiku wa manane, yaani 0:15, fomula yao inaiacha 12:15 mchana. `12:20 pm` ni mchana kweupe, fomula yao inaipeleka 24:20. Mlinzi wetu wa tatu ameingia `12:15 am` akatoka `8 AM`, masaa yake ni 7 na dakika 45, lakini kwa fomula ya namna hiyo inasoma ametoka kabla hajaingia. TIMEVALUE inalijua hili tayari, ndo sababu nyingine ya kuitumia. Ila kama lazima uhesabu kwa mkono, kwanza igeuze 12 kuwa 0 kwa `MOD(saa,12)` ndipo uongeze 12 kama ni PM.

Dalili: ######## hata ukipanua kolamu

Zamu imevuka usiku wa manane. Mlinzi wa kwanza, 18:05 mpaka 6:10, ukitoa ya kuingia kwenye ya kutoka unapata namba hasi na Excel haiwezi kuonyesha saa hasi. Google Sheets yeye anakuonyesha hasi yake, lakini jibu bado sio sahihi. Kwenye J2 weka:

```
=MOD(I2-E2,1)
```

MOD hapa inaongeza siku moja pale tu panapohitajika. Wa kwanza anapata 12:05, wa pili 9:45, wa tatu 7:45, wa nne 12:00. Mipaka yake ujue: zamu ya zaidi ya masaa 24 haitaiona, na mtu aliyekaa masaa 24 kamili atapata 0. Kwa watu wa aina hiyo hauna ujanja, lazima uandike na tarehe.

Jumla ya hao wanne ni masaa 41 na dakika 35, lakini SUM yenye fomati ya `h:mm` itakuonyesha 17:35, siku moja nzima imefichwa. Weka `[h]:mm`, yale mabano ndo yanazuia isianze upya ikifika 24, kwenye Google Sheets chagua Duration. Na ukija kwenye hela usizidishe jumla moja kwa moja na malipo ya saa, kwa sababu ile jumla ni siku, sio masaa. Kwa shilingi 1,500 kwa saa, ukizidisha hivyo hivyo unapata kama 2,599. Ukiweka 24 katikati unapata 62,375 ambayo ndo haki yao:

```
=SUM(J2:J5)*24*1500
```

Dalili: hakuna era yoyote, ila mtu amefanya kazi masaa 21

Hii ndo ya kwetu, na hautaikuta kwenye maelekezo ya Excel ya mtu yeyote wa nje. Mtu anaingia saa mbili asubuhi, anaandika `2:00 am`. Anatoka saa kumi na moja jioni, anaandika `11:00 pm`. Kwake yuko sahihi, ameandika saa kama anavyoitamka na ameweka am ya asubuhi na pm ya jioni. Excel inasoma saa nane usiku mpaka saa tano usiku, masaa 21. Kweli yake ni 8:00 mpaka 17:00, masaa 9.

Hapo unaona kosa kwa sababu 21 ni kubwa. Tatizo ni pale ambapo halionekani. Mrudie mlinzi wetu wa nne, `12:00 pm` mpaka `12:00 am`. Kwa Excel ni saa sita mchana mpaka saa sita usiku, masaa 12. Kwa mwenyewe ni saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, masaa 12 pia! Jumla iko sawa, hakuna wa kushtuka. Lakini kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Excel ikisoma mchana mpaka usiku wa manane itampa masaa 4 ya usiku, wakati amekesha masaa 10. Kila zamu amepunjwa masaa sita ya nyongeza na shiti yako inaonekana safi kabisa.

Wengi wakishajua wanaongeza masaa 6 kila mahali. Hiyo inakubali kwa `2:00 am`, inaharibu kwa `11:00 pm`, maana 23 ukiongeza 6 unaangukia saa kumi na moja alfajiri. Kama mwandikaji aliweka am na pm kwa nusu sahihi ya siku, yaani kosa liko kwenye namba tu, basi unasogeza masaa sita ndani ya nusu ile ile bila kuivuka:

```
=MOD(E2+0.25,0.5)+IF(E2>=0.5,0.5,0)
```

0.25 ni yale masaa sita, MOD ya 0.5 inairudisha ndani ya nusu siku, na ile IF inarudisha alasiri mahali pake. Jaribu: `2:00 am` inakuwa 8:00, `11:00 pm` inakuwa 17:00, `12:00 pm` inakuwa 18:00, `12:00 am` inakuwa 6:00, na hata `6:00 pm` ya mtu wa saa sita mchana inakuwa 12:00. Iweke kwenye kolamu yake pembeni na uitumie kwa mistari ya wale tu unaojua wanaandika kiswahili, usiishushe kolamu nzima, mwenzao aliyeandika `6:05pm` kwa saa ya kizungu utamharibia.

Kuna wanaotumia am kwa maana ya mchana wote wa jua na pm kwa maana ya giza. Huyo saa tisa alasiri anaandika `9:00 am`, na hapo fomula itampeleka saa tisa usiku. Kumtambua linganisha na kitu kingine chenye saa ya kweli, kama saa ya simu iliyoko kwenye meseji aliyotuma. Meseji imeingia kwenye simu 18:02 na ndani yake imeandikwa nimefika `12:00 pm`, basi ushajua anaandika saa gani. Kwahiyo ukikopi zile meseji kopi na saa yake ya kuingia uiweke kolamu ya pembeni, hata kama leo hauoni kazi yake.

Na kwa mwezi unaokuja chagua ile kolamu kabla hawajaanza kuijaza, nenda Data Validation, chagua Time, between, `0:00` na `23:59`. Baada ya hapo mtu akiandika `6:05pm` bila nafasi inamkatalia hapo hapo, akiandika `18:05` inapita. Ila ujue kizuizi hiki kinakamata anayeandika kwa mkono tu, akipesti kinapitiliza, kwahiyo ISNUMBER yako iache pale pembeni.